Anti, bega langu linachomoka nikishika bomba la mwendokasi

Shikamoo Anti. Mi ni binti wa miaka 23 naishi Kimara, nauza vitenge dukani Kariakoo. Tangu mdogo viungo vyangu viko laini, shuleni nilikuwa nakunja vidole gumba mpaka vinagusa mkono wenzangu wanakuja kushangaa, vidole vidogo vinarudi nyuma kabisa, viwiko vinapitiliza, nikiinama magoti yakiwa yamenyooka viganja vinalala chini. Nilikuwa naona ni kipaji.

Sasa imekuwa balaa. Mwaka jana nilikuwa kwenye mwendokasi nimeshika bomba la juu, dereva akafunga breki ghafla, nikasikia bega la kulia linatoka afu linarudi lenyewe, machozi yalinitoka mbele za watu. Tangu hapo linateleza mara 2 au 3 kwa wiki, nikishusha jora shelfu ya juu, nikifunga sidiria, hata nikijigeuza usiku. Likishatulia linabaki linauma na shingo inakaza mpaka kichwa kinagonga.

Hospitali walipiga eksirei wakasema mifupa iko sawa, nikapewa dawa za maumivu basi. Mama ananipeleka kwa bibi mmoja anayekanda, ananivuta na kuninyoosha na mafuta, siku hiyo nalala vizuri sana ila baada ya siku mbili bega linateleza kuliko mwanzo. Mama anasema mifupa haina nguvu ninywe supu ya kongoro. Kaka yangu mtu wa jimu anasema nimelegea tu, nilienda naye siku moja akaniambia nining'inie kwenye chuma, nililala siku 4. Dada wa dukani anasema yoga. Bosi anaona nadeka. Mi mwenyewe nawaza niache kazi nipumzishe mkono miezi kadhaa labda bega litakaza. Naogopa mazoezi na naogopa kutofanya. Nifuate nani Anti? Na mama nitamwambiaje, maana yule bibi ni kama ndugu yetu.

Binti wa Kimara

*

Marahaba mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye sentensi moja ambayo nadhani wewe umeiandika ukapita tu: ukikandwa unalala vizuri, baada ya siku mbili bega linateleza zaidi. Hapo ndipo palipo na jambo lako lote. Mi nimeshika mabega ya watu kwenye chumba cha fizio, tiba ya viungo kwa mazoezi, miaka mingi na hiyo hadithi naijua, tena inawachanganya watu kwasababu nafuu ni ya kweli na madhara ni ya kweli, vyote viwili kwa pamoja.

Chukua embe uliweke juu ya kisosi. Bega limeumbwa hivo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na kisosi chake ni kidogo, ni kama robo au theluthi tu ya kichwa ndiyo inagusa kisosi kwa wakati mmoja, ndo maana mkono unaweza kuzunguka kila upande tofauti na nyonga ambayo imezama kwenye bakuli. Sasa embe lisidondoke linashikwa na vitu viwili. Kuna nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa pamoja na mfuko unaozunguka kiungo, hizo ni kama kamba, hazifikirii, zinazuia tu. Alafu kuna misuli, hii ni kama mkono wa mtu anayelishikilia embe huku kisosi kinatembea. Kwa mtu kama wewe zile kamba ni ndefu na laini tangu kuzaliwa, kwasababu ya namna kolajeni, protini inayotengeneza hizo kamba, ilivyofumwa mwilini mwako, na mara nyingi ni ya kurithi, uliza upande wa mama na wa baba nani alikuwa anakunja vidole akiwa mdogo. Kwahiyo kazi ya kamba inafanywa na misuli, mchana na usiku, bila mapumziko.

Ile shingo iliyokaza ni hiyo misuli ikiwa kazini. Haijakaza kwa ubaya, inashikilia kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni wenye kisosi, lisishuke na embe lisidondoke. Bibi akija na mafuta yake akailegeza, unapata usingizi maana misuli iliyochoka imepumzika, ila aliyekuwa anashikilia embe umempa likizo na hujaweka mwingine. Afu akivuta mkono na kuunyoosha hapo anarefusha kamba ambazo tayari ni ndefu. Siku mbili baadae bega linateleza, misuli inashtuka inakaza zaidi, unarudi tena kwa bibi.

Sisemi bibi ni mbaya. Kukanda misuli ya shingo na mgongo kwa juu juu, bila kuvuta mkono wala kuzungusha bega, kwa watu wengi hakuna shida. Kinachonitisha ni lile neno "ananivuta".

Eksirei nayo haikukudanganya, ila haikuulizwa swali lako. Inaonyesha mifupa ilivyokaa wakati ule umesimama mbele ya mashine, na wakati ule embe lilikuwa juu ya kisosi. Ulaini hauonekani kwenye picha ya mfupa, unaonekana kwa mkono wa mtu anayejua. Kwa mfano anakuketisha ukiwa umelegeza mkono, anauvuta chini taratibu, anaangalia kama kijishimo kinatokea chini ya ncha ya bega. Usijipime mwenyewe nyumbani tafadhali, wala usimruhusu kaka yako ajaribu.

Hayo mambo ya vidole, viwiko na kuinama uliyoniorodheshea bila kujua ni kipimo kabisa, kinaitwa kipimo cha Beighton, kwa jina la daktari aliyekieleza na wenzake mwaka 1973 baada ya kupima watu wa jamii ya Watswana kule Afrika Kusini, kwahiyo vidole vya Waafrika wenzetu vilikuwemo tangu mwanzo. Kina pointi 9: vidole vidogo 2, gumba 2, viwiko 2, magoti 2, na kuinama 1. Mtu mzima wa umri wako akifika 5 anahesabiwa ana viungo laini. Kwa ulivyoandika wewe una 7, kama magoti yanarudi nyuma hukusema. Ila mambo mawili hapa. La kwanza, pointi nyingi peke yake si ugonjwa, kuna wacheza ngoma na wanasarakasi wana 9 na hawaumwi popote. La pili, na hili hata wahudumu wengine hulisahau, bega halimo kabisa kwenye hizo pointi 9. Kwahiyo namba hiyo inatuambia wewe ni mtu wa aina gani, haituambii bega lako likoje. Na kama ile vidole bado unawaonyesha watu wakuone, acha mwanangu, kila ukionyesha unavuta kamba.

Supu ya kongoro kunywa, mi mwenyewe naipenda, lakini tumbo likishaivunja haiendi begani ikajishona kwenye nyuzi zako. Na mifupa yako haijakosa nguvu, hilo eksirei imelijibu.

Sasa kaka yako. Mi naona kaka yako amepatia jibu amekosea mlango wa kuingilia. Mwaka 2022 Wadenimaki walitoa utafiti wao, walichukua watu 100 wenye mabega laini yenye shida kama yako wakawagawa, wengine mazoezi mepesi ya kuvuta mpira, wengine vyuma vizito vinavyopandishwa hatua kwa hatua, mara 3 kwa wiki kwa wiki 16. Wa vyuma vizito ndio walioeleza kwamba mabega yao yanawasaidia zaidi kwenye maisha ya kila siku, ingawa walilalamika zaidi kuhusu misuli kuuma na kichwa kuuma kwa muda. Kwahiyo uzito si adui wa bega laini, tulikuwa tunaogopesha watu bure. Ila hao watu walikuwa na wataalamu pembeni yao na walipandishwa taratibu, hakuna aliyening'inizwa kwenye chuma siku ya kwanza. Kuning'inia ndiyo ile breki ya mwendokasi tena, mwili mzima unavuta embe litoke kwenye kisosi mkono ukiwa juu, mahali ambapo bega lako halina ulinzi. Siku 4 za kulala zilitoka hapo, hazikutoka kwenye "mazoezi".

Yoga vivyo hivyo. Kuna mwalimu wa yoga anayejua kufundisha kushikilia katikati, huyo anaweza kukufaa, na kuna anayekusifia ukifika mbali kuliko wenzako. Wewe utafika mbali siku ya kwanza, na ndiyo tatizo.

Na kupumzika miezi kadhaa, hilo ni wazo lako mwenyewe kwahiyo nalishika kwa upole. Bega likitoka tu kuteleza, siku 2 au 3 za kulipunguzia kazi zina maana. Lakini miezi? Kamba hazikazi kwa kupumzika, hazikulegea kwa uchovu. Kinachobadilika kwenye miezi ya kupumzika ni misuli, nayo inapungua. Halafu kuna kitu kingine kinapungua hakionekani, ule uwezo wa mwili kujua mkono uko wapi bila kuuangalia. Wenye viungo laini mara nyingi huo wanao kidogo tangu mwanzo, ndo maana unajigonga kwenye milango na unaangusha vikombe (nimebahatisha?). Mazoezi yanaufundisha huo pia, na nafuu ya wiki za mwanzo mara nyingi inatoka hapo kabla msuli wenyewe haujakua.

Basi nikuambie mimi ningeanzia wapi na mtu wa aina yako, lakini nakuomba uende uonwe kwanza, maana mi nasoma barua sijakushika bega.

Wiki 2 au 3 za kwanza mkono hausogei kabisa. Bana kiwiko ubavuni, kunja mkono kama unayebeba sinia, weka khanga iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu. Simama karibu na ukuta, sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja kama unataka kufungua mkono kwa nje, ila mkono hauendi popote. Tumia nguvu nusu au chini ya nusu, hesabu 10 ukiwa unapumua kawaida, pumzika, rudia mara 5 au 6. Kisha sukuma fremu ya mlango kwa ndani, kisha mbele kwa ngumi, kisha nyuma kwa kiwiko. Mara 2 kwa siku, haifiki dakika 10. Utaona ni mchezo wa watoto na kaka atacheka, mwache acheke. Hapo misuli midogo ya ndani inayolizunguka embe inajifunza kushika bila embe kuhama.

Halafu kitu kimoja kuhusu mkao, maana najua utakutana na vidio zinasema shusha mabega, yavute nyuma na chini kama mwanajeshi. Kwa bega linaloteleza kuelekea chini hiyo ni ushauri mbaya. Kombe likishushwa, kisosi kinainama, na embe kwenye kisosi kilichoinama unajua linaenda wapi. Jaribu kinyume chake, nyanyua ncha ya bega kidogo sana, kama sentimita moja, kama unapandisha mkanda wa mkoba usidondoke, ndipo usukume ukuta. Kama maumivu yanapungua au mkono unahisi "umekaa", umepata kitu cha maana cha kumwambia mtu wa fizio, na utaelewa pia kwanini kuikandamiza hiyo misuli ya shingo kila wiki hakujaisaidia. Inahitaji nguvu ili isichoke, kulegezwa peke yake hakutoshi.

Ukishakaa wiki nzima unasukuma bila maumivu kubaki mpaka kesho yake, unaanza kusogeza. Mpira wa kuvuta wa mazoezi unauzwa kwenye maduka ya michezo, lakini tyubu ya baiskeli iliyochanwa inafaa, ila si ile mipira minene ya bodaboda ya kufungia mizigo, ile ni migumu mno kwa mwanzo. Funga kwenye kitasa usawa wa kiwiko, khanga ubavuni palepale, vuta kwa nje ukihesabu 3 na urudishe ukihesabu 3, mara 10 hadi 12, seti 2 au 3, siku moja unafanya siku moja unapumzika. Kurudisha taratibu ndiko kunakofundisha breki, wengi wanavuta vizuri halafu wanaachia mpira uwarudishe, hapo wamefanya nusu ya kazi. Ongeza pushapu za ukutani, na ukinyoosha viwiko ishia kabla havijafunga, kwasababu viwiko vyako vinapitiliza na ukiviegemea unaning'inia kwenye kamba badala ya kusimama kwenye misuli. Mwanzoni huwezi kujua viko wapi, simama mbele ya kioo.

Baada ya hapo uzito. Chupa ya maji ni dambeli nzuri kuliko unavyodhani maana lita 1 ni kilo 1, unaongeza maji unavyotaka. Inama umeegemea meza kwa mkono wa kushoto, vuta chupa ya kulia mpaka kiwiko kifike usawa wa mbavu, kisipite nyuma ya mgongo. Anza na nusu lita. Kunyanyua mkono pembeni kidogo mbele mpaka usawa wa bega kunafuata, na juu ya kichwa ni mwisho kabisa, pengine mwezi wa tatu au wa nne. Hapo sasa ndo kaka na jimu yake wanaingia, na kama ana akili atakusaidia sana, mradi mnaacha kuning'inia, kudipu kwenye vyuma viwili, na kushusha chuma kifuani mpaka viwiko vinazama nyuma.

Kipimo cha kujua umezidisha ni rahisi. Maumivu ukiyapa alama kati ya 0 na 10, wakati wa zoezi yakifika 3 si mbaya, lakini kesho yake wakati kama ule yawe yamerudi yalivyokuwa. Yasiporudi, au bega likiteleza siku hiyo, unarudi hatua moja kwa siku chache. Na unaongeza kitu kimoja kwa wakati, ama uzito ama idadi, usiongeze vyote ati kwasababu umeamka vizuri.

Hilo la kuamka vizuri ndilo linawaangusha watu. Kuna dada mmoja mwalimu wa chekechea, bega kama lako, alikuwa anateleza mara 3 kwa wiki. Alianza ukutani akanuna kwamba namchezea, wiki ya 3 akapewa mpira, wiki ya 6 akaja anacheka, siku 12 bega halijatoka. Jumamosi yake kukawa na msiba kwao, akafua mablanketi akayakamua kwa mkono, jioni akasaidia kushusha sufuria la wali. Usiku bega likatoka mara mbili. Akanipigia analia amerudi sifuri. Hakuwa amerudi sifuri, kukamua blanketi bichi ni kusokota bega kwa nguvu zote na alikuwa bado anavuta mpira mwepesi, kwahiyo alipima bega kwa mtihani wa darasa la saba akiwa darasa la pili. Tulimrudisha ukutani siku 4, akachukua mpira tena, tukaongeza uzito. Mwezi wa 5 lilikuwa linateleza kama mara moja kwa mwezi na alikuwa anabeba watoto. Nakuambia hiyo mara moja kwa mwezi makusudi, sitaki udhani kuna siku utaamka na kamba mpya. Kamba ni zilezile, mkono unaoshika embe ndo umekua.

Kuhusu kazi, kabla hujaacha angalia ni dakika zipi za siku zinazokuumiza, maana naona ni chache. Kwenye mwendokasi shika bomba la wima usawa wa kifua, kiwiko kimekunjwa na kiko karibu na mwili, tena mkono wa kushoto ikiwezekana, yale mabomba ya juu achia warefu. Majora ya juu panda kistuli ili mikono isipite usawa wa uso, kumbatia jora kifuani ndipo ushuke. Sidiria ifungie mbele kisha uizungushe. Mkoba usiuning'inize bega la kulia. Usiku lala chali au ubavu wa kushoto ukikumbatia mto mnene, mkono wa kulia ulale juu ya mto usidondoke mbele, na usilale mikono juu ya kichwa. Mtu anaweza kuona haya ni mambo madogo lakini bega linaloteleza mara 10 kwa mwezi halipati nafasi ya kujifunza chochote kwenye yale mazoezi.

Je hayo yatatosha wewe kubaki dukani? Sijui, na sitakuamulia. Kuacha kuna hatari yake, hela ya nauli na ya kliniki inatoka hukohuko dukani, na mtu akikaa nyumbani mkono anautumia kidogo kidogo mpaka anauogopa. Kubaki nako kuna hatari kama bosi hataki kusikia la kistuli. Labda jaribu kumuomba vitu viwili vinavyoonekana, kistuli, na mtu mwingine ashushe majora ya juu kwa miezi mitatu huku wewe ukifanya hesabu au kukata vipande, badala ya kumueleza ugonjwa. "Nadeka" mara nyingi inatoka kwa mtu ambaye hajui akusaidie na nini. Karatasi ya hospitali nayo inasaidia.

Kwa mama, mi nisingeenda na hoja ya kwamba bibi anakosea. Ningeenda na daftari. Andika kila siku bega limeteleza mara ngapi, weka alama siku za kukandwa, wiki 4 tu, afu mkae muangalie pamoja. Huenda daftari likanionyesha mimi nimekosea kuhusu wewe, sawa pia. Na bibi mwenyewe unaweza kumwambia, "bibi leo shingo na mgongo tu, mkono usiuvute, nimekatazwa", wakandaji wazoefu wengi wanakuelewa haraka kuliko tunavyodhani. Hapo hujakata undugu na mtu.

Pa kwenda: hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Mwananyamala na Temeke, au CCBRT, au Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili ukipewa rufaa. Ukifika usiseme tu "bega linauma" maana utarudi na vidonge. Sema linatoka na kurudi lenyewe, mara ngapi, ukiwa umeweka mkono wapi, na uwaonyeshe gumba mara moja. Omba kuonwa na fizio. Upasuaji ukitajwa mapema uliza kwanza, kwenye bega lililolegea kila upande kwa kuzaliwa kawaida mazoezi hujaribiwa miezi mingi kabla ya kisu, kwasababu nyuzi laini zikikazwa zinaweza kulegea tena. Ila kama ile breki ilichana kitu ndani hiyo ni habari nyingine, ndo maana nataka ushikwe bega na mtu anayejua.

Kuna mambo hayasubiri daftari. Bega likitoka lisirudi, usikubali mtu yeyote alivute, si bibi, si kaka, si kondakta, funga mkono kifuani na khanga uende hospitali usiku huohuo. Vilevile kama ngozi ya pembeni ya bega inakufa ganzi, mkono unakosa nguvu au vidole vinakuwa vya baridi. Na umwambie daktari kama kwenu kuna mtu mwenye viungo laini aliyefariki ghafla akiwa kijana au aliyepasuka mshipa mkubwa, au kama ngozi yako ni nyembamba mpaka mishipa inaonekana na unavilia damu kwa kuguswa kidogo, kwasababu kuna aina chache za hali hii zinazogusa mishipa ya damu na jicho, hizo zinafuatiliwa tofauti kabisa. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, hiyo nayo si hadithi ya ulaini.

Ukinijibu niambie vitu viwili ambavyo hukuandika. Magoti yako yakoje ukisimama muda mrefu dukani, yanarudi nyuma? Na bega la kushoto, lile ambalo halijawahi kupigwa breki, linateleza pia au limetulia? Jibu la hilo la pili litanisaidia kujua kama tunaongelea mwili wako wote ulivyo au ni ile siku moja ya mwendokasi, na pengine hata daktari atataka kuanzia hapo.